Kimya cha Mume Aliyeachishwa Kazi: Ni Dhiki au Mapenzi Yamekwisha?

 

 Suala hili limeulizwa katika darsa mara nyingi, na aghlabu huulizwa na wanawake, tena kwa sauti ya chini. Mume ameachishwa kazi. Baada ya miezi michache amekuwa mtu mwengine: hazungumzi, hali pamoja na watu wa nyumba yake, kitandani humpa mkewe mgongo, na aulizwapo ana nini hujibu, "Sina kitu." Basi mke ajiulize nini? Je, hiki ni kimya cha mtu aliyeelemewa, au ni kimya cha mtu aliyekwisha kumchoka mkewe?

Suala hili si dogo, kwani jibu la kwanza lataka subira na la pili lataka hatua nyengine. Mwenye kukosea baina ya mawili haya aweza kuivunja nyumba iliyo nzima, au akakaa miaka akiingoja nyumba iliyokwisha kuvunjika. Tumemtaja mume kwa kuwa ndivyo tulivyoulizwa. Lakini mke mwenye kazi akiipoteza, yaweza kumpata hayo hayo, na mumewe atazame kwa macho haya haya.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini dhiki humnyamazisha mtu. Mwanamume wa kwetu aghlabu hakufunzwa kusema mapenzi kwa ulimi. Ayasema kwa mkono: kwa mfuko wa unga, kwa nguo ya Idi, kwa karo ya mtoto iliyolipwa kabla haijaulizwa. Siku mshahara ukatikapo, hakupoteza fedha tu, bali amepotewa na lugha yake. Akimtazama mkewe, haoni mke, aona deni. Kumkwepa mke huyo si kumchukia, ni kuikwepa aibu yake mwenyewe. Tena fikra yake yote imeshikwa na hesabu, kodi leo, duka kesho, wala haina nafasi ya maneno matamu. Na wengine hunyamaza makusudi, kwa kuogopa kwamba wakifungua mdomo yatatoka maneno ya ghadhabu.

Jambo hili wataalamu wamelitazama kwa karibu. Mwaka 1989 bibi mmoja wa elimu ya nafsi huko Amerika, Rena Repetti, alitoa uchunguzi wake juu ya wanaume wenye kazi ya kuziongoza ndege angani, kazi yenye mashaka mengi. Aliona kwamba siku ile kazi ilipokuwa nzito zaidi, jioni yake mume alijitenga zaidi na mkewe, na ghadhabu zake zikapungua, hasa kwa wale waliopata msaada wa wake zao. Mke ni yule yule na mapenzi ni yale yale. Kilichobadilika ni mzigo wa siku ile. Na hapa ndipo penye ufunguo wa suala letu: kimya cha dhiki huufuata mzigo, hupanda ukipanda na hushuka ukishuka. Kimya cha mapenzi yaliyokwisha hakina habari na mzigo. Siku nzuri na siku mbaya kwake ni sawa.

Basi tusipime wingi wa kimya, kwani kimya cha namna zote mbili chaweza kuwa kingi. Tupime mwendo wake. Na ili jambo hili lifahamike, tuweke mfano. Si habari ya mtu fulani tuliyemtaka kumfedhehesha. Tumeuunga kwa mambo yanayotokea katika majumba yetu.

Januari 2018 makontena yalianza kuchukuliwa kwa treni ya reli mpya kutoka bandari ya Mombasa mpaka Nairobi, na yadi nyingi za makontena mjini Mombasa zikapungukiwa na kazi. Tumchukulie karani wa yadi mojawapo, aliyekaa kazini miaka 9 kwa mshahara wa shilingi 38,000 kwa mwezi, akapunguzwa mwishoni mwa Aprili mwaka ule. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mtu aliyepunguzwa malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwake yeye ni siku 135, yaani kiasi cha shilingi 171,000, mbali na malipo ya notisi.

Yatazameni vizuri yanayofuata. Mei na Juni mtu huyu alikuwa mchangamfu. Aliamka mapema, akapiga pasi shati lake, akapeleka barua zake za kuomba kazi, na usiku akamwambia mkewe, "Inshallah tutapata." Mkewe akashukuru kwamba msiba umepita salama. Agosti maneno yalipungua. Septemba fedha zile zikamalizika, na Oktoba ndipo akawa kama jiwe. Hurudi baada ya sala ya Isha, hula peke yake jikoni, na simu yake huilaza kifudifudi. Mke akahesabu moyoni: kazi aliipoteza Aprili, mabadiliko yamekuja Oktoba, basi haya si ya kazi, pana mwanamke. Nduguye akamwambia, "Nenda kwa Kadhi, ukadai talaka yako."

Hesabu ile ilikuwa na kosa. Si siku ya kuachishwa imwelemeayo mtu, bali ni siku ya kukosa. Maadamu akiba ipo, mwanamume hujiona yu safarini baina ya kazi na kazi. Akiba ikiisha ndipo hujiona ameanguka. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kimya kimeanza lini, asikilinganishe na barua ya kuachishwa tu. Akilinganishe na kumalizika kwa fedha, na mwanzo wa madeni, na siku mtoto aliporudishwa nyumbani kwa karo.

Mke yule alikuwa na shangazi mwenye busara. Shangazi hakumwambia asubiri wala hakumwambia aondoke. Alimwambia, "Mwanangu, nunua daftari. Kwa wiki tatu andika kila usiku mambo matatu tu. La kwanza, leo kumetokea nini katika habari ya fedha na kazi. La pili, amekuwaje kwako. La tatu, amekuwaje kwa watu wengine. Usiandike unalolidhani, andika uliloliona. Na simu yake usiipekue."

Baada ya siku 21 walikaa wakalisoma. Siku za kimya kikali zilikuwa 8. Katika hizo, 6 zilifuatana na jambo lenye kujulikana: mwenye nyumba amebisha hodi, ombi la kazi limekataliwa, au duka limekataa kukopesha. Siku 2 hazikuwa na sababu aliyoijua. Katika wiki ya pili mume alipata kibarua cha siku mbili katika ghala moja, na usiku ule alikuja na mahamri mkononi, akaketi mkekani, akawauliza watoto habari za chuoni, na akamwita mkewe kwa lile jina lake la uchumba. Siku ya tatu kibarua kikaisha, na kimya kikarudi.

Katika safu ya tatu iliandikwa kwamba baraza ya marafiki zake hakwenda tena, na simu za mama yake alikuwa hazipokei. Na pembeni mke alikuwa ameandika mambo madogo bila ya kuyapa uzito: kila alfajiri mume hujaza madumu ya maji kabla mkewe hajaamka, na dawa ya pumu ya mkewe haikukosekana hata mwezi mmoja. Shangazi akatia kidole pale pale, akasema, "Mtu aliyekuchoka hakumbuki dawa yako."

Katika daftari lile tutoe alama nne.

Alama ya kwanza ni mwanzo. Je, kabla ya dhiki hali ilikuwaje? Bibi Mirra Komarovsky, katika kitabu chake cha mwaka 1940, aliandika juu ya jamaa 59 za Amerika ambazo waume walikuwa wamekosa kazi katika zama za ukata mkubwa. Katika nyingi ya nyumba hizo mume hakuipoteza hadhi yake. Na katika baadhi ya zile ilipopotea, ukosefu wa kazi ulifichua tu lililokuwako zamani: mke alikuwa akimvumilia mume kwa sababu ya mshahara wake. Hali kadhalika kwa mume. Ikiwa upole na mazungumzo vilikuwapo mpaka dhiki ilipoingia, hiyo ni dalili ya dhiki. Ikiwa ubaridi ulikuwako mwaka mzima kabla ya barua ile, basi kazi isisingiziwe.

Alama ya pili ni upana. Mwenye kuelemewa hujitenga na wengi: mkewe, mama yake, marafiki, hata mchezo alioupenda. Aliyemchoka mkewe hujitenga naye peke yake. Lakini hapa yataka hadhari, kwani wako wanaume wanaocheka barazani na kununa nyumbani, na sababu si chuki. Barazani hakuna anayemtegemea kwa chakula. Nyumbani kila jicho ni suala. Kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi kuhukumu.

Alama ya tatu ni siku nzuri. Mzigo ukipungua, hata kwa siku mbili, je, wema wake wamfikia mke? Yule wa mfano wetu alirudi na mahamri. Mwengine akipata kibarua hujinunulia viatu, hutoka na wenziwe, na mkewe hapati hata salamu. Huyu siku njema yake haipiti mlangoni mwa mkewe, na hiyo ni dalili nzito kuliko miezi ya kununa.

Alama ya nne ni aina ya kimya chenyewe. Kimya cha aibu huinamisha kichwa: mtu hakutazami, husema "niache kidogo", na pengine hujilaumu mwenyewe. Kimya cha aliyechoka huinua kidevu: dharau, kejeli, kumwiga mke asemavyo mbele ya watoto, kumlinganisha na wanawake wengine. Mwenye dhiki aweza kuwa mkali kwa siku moja kisha akajuta. Dharau ya kila siku, isiyo na majuto, haiji kwa sababu ya njaa. Na mume akipiga, hapo hatuulizi tena kama ni dhiki au ni kuchoka. Dhiki haihalalishi mkono, na mke autafute usalama wake kwanza.

Alama zote nne zikielekea upande mmoja, jibu li karibu. Zikigongana, ngojeni, mkaandike tena. Pia yaweza kuwa yote mawili yapo, kwani dhiki ikikaa muda mrefu bila ya kutajwa, watu wawili huzoea kuishi kama wapangaji, na kilichoanza kuwa mzigo huishia kuwa ugeni wa kweli. Ndiyo maana baada ya kutazama yapasa kusema.

Lakini kusema kuna adabu yake. Kosa linalotendeka sana ni kumfuata mume chumba kwa chumba: "Sema! Una nini? Hunipendi?" Kila akifuatwa hukimbia, na kila akikimbia mke huzidi kumfuata, hata kimya cha mtu mmoja kikawa vita vya watu wawili. Kumbukeni Mtume wetu (S.A.W.) aliporudi nyumbani kutoka pangoni Hira akitetemeka. Aliomba kufunikwa, na akafunikwa mpaka hofu ikamtoka. Kisha akamweleza bibi Khadija yaliyompata, na bibi Khadija akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake. Hapa pana mafunzo mawili. Wake wajifunze kwamba kufunika hutangulia kuuliza. Na waume wajifunze kwamba hata mbora wa viumbe hakumficha mkewe hofu yake.

Mke wa mfano wetu alichagua Ijumaa baada ya alasiri, watoto wakiwa chuoni; si mlangoni mume aingiapo, wala si kitandani. Alisema, "Mume wangu, tangu Septemba huli pamoja nasi. Sikuulizi habari za kazi. Nataka kujua jambo moja: ni mzigo, au ni mimi?" Kisha akanyamaza. Mume alikaa kitambo, akasema, "Si wewe." Hakusema zaidi siku ile. Juma la pili aliigeuza simu ile ya kifudifudi akamwonyesha: hapakuwa na mwanamke, bali mikopo mitatu ya simu yenye kumdai asubuhi na jioni. Wakapatana kwamba habari za fedha zitasemwa mara moja kwa wiki, saa ile ile ya Ijumaa, na nyusiku nyengine zisitajwe. Mwezi mzima haukwisha kabla hajarudi kula pamoja nao. Kazi alikuwa bado hajaipata.

Hili la mwisho lishikeni sana. Mwenye dhiki akifunguliwa mlango bila ya kusukumwa, husogea, japo kwa hatua ndogo na kwa aibu. Aliyekwisha kuchoka hujibu kwa maneno ya adabu au ya ukali, lakini wiki zinapita na hapana hatua. Jibu la kweli si neno alilolisema siku ile, bali ni alilolifanya katika wiki nne au sita zilizofuata.

Kuna hali ya tatu ambayo si kuchoka wala si kimya cha kawaida, nayo ni maradhi. Huzuni ikimkaa mtu karibu siku nzima kwa majuma mawili au zaidi, asione ladha ya kitu chochote, usingizi ukamtoka au ukamzidi, chakula kikamshinda, na akajiona hana thamani, huyo ni mgonjwa na haki yake ni kupelekwa kwa daktari. Maradhi haya huondoa hata hamu ya kitanda, na baadhi ya dawa zake pia huipunguza. Basi mke asiifanye hiyo kuwa hoja ya kwamba hatakwi. Na akianza kusema kwamba angekufa watu wangepumzika, hilo si neno la kupuuzwa wala la kuombewa dua peke yake. Asiachwe pekee, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Ikiwa baada ya haya yote yadhihirika kwamba mume kweli amemchoka mkewe, dini haikumwacha mke bila ya njia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 128 yataja mwanamke anayehofia mumewe kumtupa, ikawafungulia wawili hao mlango wa suluhu. Na aya ya 35 yataka hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hakamu hao wapewe yaliyoonekana, si uvumi wa mtaani, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mke asichanganye milango: kukosa matumizi kwa ajili ya umaskini kuna hukumu yake mbele ya Kadhi, na kukosa mapenzi kuna hukumu nyengine. Wengi wameingia kwa Kadhi kwa mlango wa pili, na shida yao ilikuwa ya mlango wa kwanza.

Na nyinyi waume mlioachishwa kazi, hamtakiwi hotuba. Neno moja latosha: "Nimenyamaza kwa dhiki, si kwa kukuchoka." Neno hili halina gharama, hata mfuko ukiwa mtupu. Mkilificha, mke atajitungia jibu lake mwenyewe usiku, na jibu la usiku aghlabu ni baya kuliko kweli.

Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki walioifungiwa, na azikutanishe nyoyo zilizotengwa na dhiki. Amin. Wabillahi tawfiq.